Mbwa hatapiki, anacheua: umio uliolegea na chakula kinacholiwa wima

Mbwa mlinzi hula usiku, baada ya lango kufungwa, na mara nyingi hakuna anayemtazama akila. Kinachoonekana asubuhi ni donge la ugali na dagaa sakafuni, limezungukwa na povu jeupe. Mwenye mbwa anampigia simu daktari wa mifugo: "Mbwa wangu anatapika." Daktari akishasikia hivyo, mawazo yake yanakwenda tumboni: minyoo, sumu, chakula kilichochacha, na kwa mtoto wa mbwa, virusi vya parvo. Mbwa anachomwa sindano ya kuzuia kutapika na kupewa dawa ya minyoo. Wiki inayofuata donge lipo palepale, na kilo zinapungua ingawa mbwa anakula kwa pupa kuliko zamani.

Ukiona mnyama anakonda huku njaa yake ikiongezeka na chakula kikirudi kama kilivyoingia, kuna uwezekano mkubwa kwamba chakula hicho hakikuwahi kufika tumboni. Kimekwama njiani, kwenye umio, yaani bomba la chakula kutoka kooni hadi tumboni, uliopanuka na kulegea. Ugonjwa huu madaktari huuita megaesofagasi. Hautibiki kwa sindano za tumbo, na kila siku inayopita bila kutambuliwa mapafu ya mbwa yanakuwa hatarini.

Tofauti ya kutapika na kucheua iko kwenye tendo lenyewe, wala si kwenye uchafu ulioachwa sakafuni. Mbwa anayetaka kutapika hujulikana mapema. Anatoa udenda, analamba midomo, anahangaika huku na huko, pengine anakwenda kula majani. Kisha mbavu na tumbo vinajikaza kwa nguvu, mara mbili, mara tatu, unasikia sauti ya kukokomoka, ndipo kitu kinatoka. Kilichotoka kimeanza kusagika, na mara nyingi kina rangi ya njano ya nyongo.

Anayecheua haonyeshi hayo. Anatembea, anainamisha kichwa, na chakula kinateleza kutoka mdomoni bila tumbo kutikisika. Yeye mwenyewe huonekana kashangaa, kisha anainama na kukila tena. Donge hilo mara nyingi lina umbo refu la mviringo, kwa sababu limetoka kwenye bomba, na limepakwa ute. Punje za wali bado ni punje, dagaa bado wana vichwa. Nyongo hakuna.

Watu wengi huuliza ni muda gani umepita tangu mbwa ale, lakini swali hilo halisaidii sana. Umio uliopanuka unaweza kushikilia chakula dakika 5 au saa kadhaa, na wakati mwingine kinachotoka ni mate na povu tu, usiku mbwa akiwa amelala. Kitu cha kuangalia ni tumbo: je, lilijikaza? Ndiyo maana video ya simu ya nusu dakika humfaa daktari kuliko maelezo ya robo saa. Mwombe askari wa zamu airekodi.

Sasa kwa nini umio unalegea? Mtu akila amekaa au amesimama, tonge lake linashuka, na uzito wake wenyewe unasaidia. Mbwa anasimama kwa miguu minne, kwa hiyo umio wake umelala karibu sambamba na ardhi kutoka shingoni hadi kwenye tumbo. Hakuna mteremko wa kutosha. Kazi yote inafanywa na misuli ya umio, inayojibana kwa zamu na kulisukuma tonge mbele kwa sekunde chache. Misuli hiyo ikishindwa, umio unakuwa kama soksi iliyopoteza lastiki: unapokea kila kinachoingia na hausukumi chochote.

Kuna jambo moja la maumbile linaloeleza mengi. Umio wa mbwa umejengwa na misuli ya aina ileile inayosogeza miguu, tangu juu mpaka chini. Paka hayuko hivyo. Sehemu ya chini ya umio wake ina misuli laini kama ya utumbo. Kwa hiyo magonjwa yanayodhoofisha misuli ya mwili wa mbwa, au mishipa ya fahamu inayoiamuru, yanaweza kuuangusha umio nayo. Na kwa sababu hiyohiyo dawa kama metoklopramidi, inayochochea misuli laini ya tumbo, haiwezi kuufufua umio wa mbwa. Tena inaweza kukaza mlango wa kuingilia tumboni, jambo ambalo mgonjwa huyu halihitaji hata kidogo.

Watoto wa mbwa huweza kuzaliwa na tatizo hili, na mbegu za Jamani Shepadi, Greti Deni na Labrado zimo kwenye orodha ya wanaojulikana nalo. Kwa mtoto ambaye alinyonya vizuri kisha akaanza kucheua mara tu alipoanzishiwa chakula kigumu, daktari lazima afikirie pia mshipa mkuu wa moyo ulioota upande usiostahili. Mshipa huo pamoja na kano yake hutengeneza pete inayoubana umio juu ya moyo: maziwa yanapita, ugali unakwama. Huo ni ugonjwa wa upasuaji, na ukicheleweshwa umio ulio kabla ya pete unatanuka hata usirudi tena.

Kwa mbwa mkubwa mara nyingi chanzo hakipatikani. Lakini kabla ya kukata tamaa kuna vichache vinavyostahili kutafutwa kwa sababu vina tiba. Cha kwanza ni miastenia, hali ambayo kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya amri ya mishipa kwenye misuli. Karibu robo ya mbwa wakubwa wenye umio uliolegea huwa nayo. Wengine huishiwa nguvu za miguu baada ya hatua chache, kisha wakipumzika wanainuka tena. Lakini wengine miguu yao ni mizima kabisa na umio peke yake ndio ulioathirika. Kipimo chake ni cha damu, na sampuli mara nyingi husafirishwa kwenda maabara ya nje ya nchi. Cha pili ni ugonjwa wa Adisoni, tezi za juu ya figo zinaposhindwa kutoa homoni. Huu hutambuliwa kwa kupima kotisoli, mojawapo ya homoni hizo, na hutibika vizuri.

Kwa mazingira yetu ningeongeza mawili. Sumu za jamii ya oganofosfeti, zilizomo kwenye baadhi ya dawa za kupe na za kunyunyizia mimea, zinaweza kuharibu kazi ya mishipa na misuli. Daktari aambiwe mbwa ameogeshwa na nini, hasa kama ni dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya ng'ombe. Halafu kuna mnyoo aitwaye Spiroserka, uliopo Afrika Mashariki, ambao mbwa huupata kwa kula mbawakawa wa mavi au mjusi au kuku aliyewala mbawakawa hao. Mnyoo huu hujenga uvimbe kwenye ukuta wa umio. Huo si umio uliolegea, ni umio ulioziba, ila mbwa anacheua vilevile. Kuna dawa ya kuua mnyoo huo, kwa hiyo ni hasara kubwa kutoutafuta.

Hatari yenyewe sasa. Mbwa anapotapika, mwili mzima unashiriki: tumbo linajikaza, na papo hapo koo la hewa linafungwa ili kisipite kitu. Kucheua hakuna maandalizi hayo. Chakula kinarudi chenyewe mpaka kooni, pengine mbwa akiwa amelala au anavuta pumzi, na mlango wa hewa uko wazi. Matone yanaingia mapafuni pamoja na bakteria wa mdomoni. Hiyo ndiyo nimonia ya kupaliwa, na ndiyo inayowaua wengi wa mbwa hawa kuliko njaa.

Haiji kwa kishindo. Dalili ya mapema ninayoiamini kuliko zote ni pumzi za mbwa aliyelala usingizi mzito. Hesabu kifua kinavyoinuka kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Chini ya 30 kwa dakika ni sawa. Ikiwa jana alikuwa 20 na leo ni 36, piga simu leo, usisubiri akohoe. Kikohozi huja, lakini mbwa wengine hawakohoi kabisa. Homa pia: joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi, likipimwa kwenye njia ya haja kubwa. Ikifika 39.5 naye amezubaa na hataki chakula, mbwa ambaye juzi alikuwa akigombania sufuria, mchukulie kuwa ana nimonia. Fizi zikigeuka rangi ya kijivu au samawati, hiyo ni dharura ya hewa, anapelekwa saa hiyohiyo.

Hapa ndipo desturi moja inaponitia hofu. Mbwa akionekana kazidiwa, wengi hudhani amelishwa sumu, wanamwinua kidevu na kummiminia maziwa kwa chupa. Kwa mbwa huyu maziwa hayo yanajaa kwenye umio na yanayofuata yanashuka mapafuni. Usimnyweshe kitu kwa nguvu.

Tuchukue mfano wa mbwa mmoja wa kufikirika, tumwite Simba: Jamani Shepadi dume, miaka 6, mlinzi wa nyumba. Alikuwa na kilo 34, sasa ana 27. Ameshapewa dawa ya minyoo mara mbili na sindano za kuzuia kutapika. Kwenye video anamaliza sufuria, anazunguka ua, baada ya dakika 10 anainamisha shingo na bomba la ugali linateleza nje. Tumbo halikusogea. Akilala anapumua mara 44 kwa dakika, joto ni 39.9.

Daktari anaomba eksirei ya kifua, ya ubavuni na ya mgongoni, Simba akiwa macho bila dawa ya usingizi. Sharti hilo lina sababu: dawa za kulaza huulegeza hata umio usio na ugonjwa, na picha ikamsingizia mbwa ugonjwa asio nao. Umio wa kawaida hauonekani kwenye eksirei ya kawaida. Wa Simba unaonekana, ukanda mweusi wa hewa juu ya koo la hewa, nao umelisukuma koo hilo chini. Sehemu za chini za pafu la kulia, zilizotakiwa kuwa nyeusi kwa hewa, zina wingu jeupe. Dawa ya bariamu, inayonyweshwa ili umio uonekane kwenye picha, hahitaji, na kumpa kungekuwa kujitafutia balaa, maana naye angeweza kupaliwa nayo.

Nimonia ndiyo inayoanza kutibiwa. Anapewa antibaiotiki kwa sindano, dripu, na oksijeni ikihitajika. Lakini kuna mtego. Sindano inayoshikwa haraka katika kliniki nyingi ni penstrepi, yaani penisilini na streptomisini. Streptomisini, sawa na jentamisini, inazuia zaidi mawasiliano ya mishipa na misuli. Ikiwa Simba ana miastenia, sindano hiyo inaweza kummalizia nguvu za kupumua. Mpaka majibu ya damu yarudi, aina hizo ziwekwe kando na ichaguliwe nyingine. Si kosa kumuuliza daktari wako jambo hilo kwa adabu.

Pumzi zikishatulia, kinachobaki ni namna ya kumlisha. Kwa kuwa misuli haisukumi, chakula lazima kishuke kwa uzito wake, na hilo linawezekana tu umio ukisimama wima. Watu husikia hivyo wakaweka sufuria juu ya kigoda. Haitoshi. Kigoda kinainua kichwa, lakini kifua kinabaki kimelala, na sehemu iliyolegea iko kifuani. Kuweka miguu ya mbele kwenye ngazi kunasaidia kidogo, hasa siku za mwanzo. Kinachofanya kazi ni mbwa kukaa kitako, mgongo umeegemea, kifua kimesimama kama cha mtu aliyekaa kitini.

Kiti cha namna hiyo kinajulikana kwa jina la mbwa Beili wa Marekani, ambaye wenyewe walimtengenezea. Fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza kwa mbao na kipande cha godoro. Mketishe mbwa mgongo ukutani, mtu akimshika, upime: kutoka sakafuni hadi chini ya kidevu, upana wa mabega, na unene wa kifua kutoka mgongoni hadi mbele. Kwenye upana ongeza nafasi ya vidole viwili kila upande, si zaidi, kwa sababu kiti kipana humwacha mbwa ajikunje na umio ukajikunja naye. Miguu ya mbele inapumzika juu ya ubao wa mbele, na bakuli linakaa hapo usawa wa kidevu ili asiinamishe shingo. Ukitaka kujaribu kabla ya kulipa fundi, pipa la plastiki lililokatwa upande mmoja na kujazwa mablanketi hutosha kwa wiki ya kwanza. Mbwa mdogo hahitaji kiti, mpakate tu mgongo wake ukiwa kifuani kwako.

Siku za mwanzo Simba hatakubali. Mpe tonge moja ndani ya kiti, mtoe, rudia baadaye. Mbwa wenye njaa hujifunza upesi, na wengi baada ya muda huenda wenyewe kukingojea kiti.

Simba anatakiwa kurudi kwenye kilo 32 hivi, na kwa hilo anahitaji takriban kalori 1,400 kwa siku. Kwa chakula kikavu cha dukani chenye kalori 3,500 kwa kilo, hiyo ni gramu 400. Zinagawanywa milo minne ya gramu 100, kwa sababu mlo mdogo unashuka na mkubwa unabaki. Kila mlo unalowekwa kwenye mililita 200 hadi 250 za maji ya vuguvugu mpaka uwe rojo. Akimaliza kula, anakaa palepale wima dakika 20 hadi 30. Dakika hizo ndizo watu wanazozifupisha, hasa mlo wa usiku, na ndizo zinazoamua kama chakula kitalala tumboni au kifuani.

Rojo si sheria. Kuna mbwa ambao uji huwarudi lakini vidonge laini vya nyama ya kusaga, vya sentimita 3 hivi, vinashuka vizuri, na kuna wanaokuwa kinyume chake. Chagua ulaini mmoja wa chakula, uushikilie siku tatu nne, uandike amecheua mara ngapi, ndipo ubadilishe. Ukibadilisha kila siku hutajua kilichosaidia. Ugali mgumu siupendekezi kwa kuanzia, unanata. Ukilazimika, upike laini na uuchanganye na supu na nyama iliyosagwa.

Maji ndiyo magumu zaidi, jambo linalowashangaza wengi. Maji ya bakuli yanarudi kirahisi na kuingia mapafuni kirahisi, kwa hiyo bakuli la maji uani linaondolewa. Kwa milo yake minne Simba anapata kati ya mililita 800 na lita moja. Sehemu iliyobaki ya maji anayohitaji kwa siku, nusu lita hivi, inagandishwa kwa gelatini ya unga: vijiko viwili vikubwa kwa nusu lita ya supu isiyo na chumvi wala kitunguu, inawekwa kwenye friji, inakatwa vipande, na vinaliwa kitini. Gelatini inayeyuka kwa joto la mwili, basi inageuka maji ikishafika tumboni. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam inayeyuka pia kwenye sahani, kwa hiyo toa vichache kwa wakati. Siku za jua kali mchunguze fizi: zikiwa kavu na zinanata, maji hayajatosha.

Vidonge vya dawa navyo vinaliwa kitini, ndani ya tonge. Kidonge kikilala kwenye umio hakifanyi kazi, na doksisiklini, ambayo mbwa wetu hupewa sana kwa homa ya kupe, inaweza kuuchoma ukuta wa umio hadi ukafanya kidonda. Usiku, mto wa kuegemeza kichwa na shingo hupunguza povu linalorudi usingizini.

Mpime uzito kila wiki kwa mizani ileile. Simba akiongezeka nusu kilo kwa wiki na kucheua kukashuka kutoka kila mlo hadi mara moja moja, mambo yanakwenda. Ikiwa damu imeonyesha miastenia, anaanzishiwa pairidostigmini, na hapo kuna tumaini la kweli: baadhi ya mbwa hao ugonjwa hutulia kabisa baada ya miezi, na umio ukarudi kufanya kazi, mradi nimonia haikuwatangulia. Kwa wasio na chanzo kinachojulikana, sildenafili imejaribiwa ili kulegeza mlango wa tumbo. Kuna wanaopata nafuu nayo na kuna wasiopata.

Kiti kina mipaka yake. Mbwa humeza mate mchana na usiku, na hayo hayangoji saa ya mlo. Ndiyo maana hata mbwa anayelishwa kwa bidii anaweza kupata nimonia tena. Akiendelea kukonda, daktari anaweza kumwekea mrija unaopita ubavuni moja kwa moja hadi tumboni. Chakula, maji na dawa vyote vinapita humo. Mrija huo unamaliza njaa lakini mate yanaendelea kurudi, na unahitaji mtu wa kuusafisha kila siku na mbwa asiyeutafuna. Nimonia ikirudi mara kwa mara ndani ya miezi michache, huku uzito ukishuka licha ya haya yote, muulize daktari waziwazi kuhusu kumpumzisha kwa sindano, afe bila mateso, kabla hajafikia usiku wa kuhema akitafuta hewa.